Shajara ya mradi: choo cha kukaa kinachoziba kila mara, Kigamboni

Jumatatu. Hali ilivyokutwa

Nyumba ina choo kimoja cha kukaa, na watu sita wanakitumia. Sinki la choo linatoa maji taka kwa nyuma, ukutani. Nje ya ukuta kuna elbo, kisha bomba la PVC la inchi nne linalopita chini ya njia ya pembeni mpaka kwenye chemba, urefu wa mita 5.6. Kutoka chemba maji yanakwenda kwenye karo. Maji ya bafuni yana bomba lake, yanakutana na ya choo ndani ya chemba hiyohiyo.

Malalamiko ya wenye nyumba ni kwamba choo kinazibuliwa kwa mpira wa kusukumia, kinafanya kazi siku chache, kinaziba tena. Swali la kwanza kuuliza katika hali hii ni kama kuna dawa yoyote iliyomwagwa. Wamewahi kumwaga asidi ya dukani, lakini si wiki hii. Jibu hilo lina uzito, kwa sababu ukisukuma mpira kwenye sinki lenye asidi unaweza kurushiwa usoni. Kama imemwagwa karibuni, acha kabisa mpira na waya, na usiongeze dawa nyingine juu yake. Asidi ikikutana na dawa ya klorini inatoa hewa yenye sumu.

Swali la pili ndilo lililoamua kazi nzima: maji yanapanda kwenye sinki unapoflashi mara ya kwanza, au ya pili na ya tatu? Mama mwenye nyumba alijibu kwamba siku nyingine yanapanda palepale, na siku nyingine mara mbili za kwanza zinakwenda vizuri, ya tatu inajaa.

Jibu hilo linaweza kuonekana kama kuchanganya mambo, lakini lina maana kamili. Bomba la inchi nne linabeba takribani lita 8 kwa kila mita ya urefu wake. Likiziba mita tatu kutoka kwenye choo, lina nafasi ya kumeza zaidi ya lita 20 kabla maji hayajarudi kwenye sinki. Kwa tangi la lita 9, mara ya kwanza inaonekana imekwenda, ya pili inakwenda kwa kusuasua na kutoa mapovu, ya tatu inapanda. Kizuizi kikiwa kwenye trapu, yaani ile shingo iliyopinda ndani ya sinki lenyewe, hakuna nafasi ya kumeza chochote, kwa hiyo maji yanapanda palepale unapoflashi mara ya kwanza. Choo chenye tabia zote mbili kina uwezekano mkubwa wa kuwa na matatizo mawili, moja shingoni na jingine kwenye bomba. Ukitibu moja, la pili litakurudisha, na wenye nyumba watasema kazi haikufanyika.

Jumatatu, mchana. Chemba

Kifuniko cha chemba kilifunguliwa kabla ya kugusa sinki. Ndani palikuwa pasafi, maji hayajasimama, na maji ya bafuni yalipofunguliwa yalipita bila kukwama. Kwa hiyo karo na bomba linalokwenda huko havina shida. Kama chemba ingekuwa imejaa, hakuna sababu ya kuhangaika na sinki, kazi ingekuwa upande wa chini.

Kisha ndoo ya lita 10 ilimwagwa kwa mkupuo kwenye sinki, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine amekaa chemba akiangalia. Maji yalipanda mpaka vidole viwili chini ya ukingo, yakashuka polepole. Chembani yalifika machache, taratibu, bila ule msukumo unaotakiwa. Choo kizima kinamwaga ndoo kama hiyo kwa sekunde chache, na chembani unaona maji yakiingia kwa kishindo yakiwa na karatasi yote.

Leo tatizo lililopo mbele ni la shingo. Tunaanza na hilo.

Jumanne. Waya wa kuzibulia choo

Waya tunaouzungumzia si ile springi ndefu ya kuzibulia masinki ya jikoni. Huu ni bomba jembamba la chuma lenye urefu unaofika kifuani, limekunjwa upande wa chini, na mkunjo wake umevishwa mpira. Ndani ya bomba hilo inapita springi nene yenye urefu wa karibu sentimita 90, na ncha yake imesokotwa na kutanuka kidogo ili ishike kitu. Juu kuna mkono wa kuzungushia. Mpira ule ndio unaolinda sinki. Springi ya kawaida ikizungushwa ndani ya sinki bila mpira huacha michirizi myeusi ya chuma kwenye kauri, na ikitumika kwa nguvu inakwangua kabisa mng'aro. Pakishakwaruzwa, uchafu unashika hapo kila siku.

Namna ya kuutumia, kama ulivyotumika leo:

Maji kwenye sinki yalipunguzwa kwa kopo mpaka nusu, ili yasimwagike. Glavu za mpira, na magunia mawili sakafuni. Mkono wa waya ulivutwa juu kabisa mpaka ncha ya springi ikaingia kwenye mkunjo na kubaki imechungulia tu. Hatua hii watu wengi wanairuka, wanauingiza waya ukiwa umetoka nje, na ncha inagonga sinki kabla haijaona njia.

Mkunjo uliwekwa kwenye koo la sinki ukielekea nyuma, kule maji yanakokwenda. Mkono mmoja unashika bomba la chuma na kulikandamiza lisihame. Mkono wa pili unazungusha kwa mwelekeo wa saa huku ukisukuma chini taratibu. Kuzungusha ndiko kunakoipitisha ncha kwenye kona, kusukuma kunafuata nyuma yake. Ukisukuma bila kuzungusha, springi inajikunja ndani ya shingo na inaweza kubaki na kigongo kisichonyooka tena.

Ukikutana na ugumu, kwanza tambua ni ugumu wa aina gani. Kona ya shingo yenyewe inatoa ugumu ambao unapungua ukirudisha waya kidogo na kuzungusha tena. Bonge la karatasi ni laini, waya unazama ndani yake huku mkono ukiwa mzito. Kitu kigumu kinagonga, unakisikia mkononi, na waya ama unakataa ama unateleza ghafla ukapita pembeni yake. Waya ukianza kujipinda mkononi, yaani unazungusha juu lakini ncha haizunguki, simama. Ukiendelea, springi itaharibika.

Leo waya ulizama laini kwanza. Ulivutwa nje huku ukiendelea kuzungushwa mwelekeo uleule, kwa sababu ukigeuza mwelekeo ncha inaachia ilichoshika. Ulikuja na bonge la karatasi ya choo lenye ukubwa wa ngumi, limechanganyika na vitambaa viwili vya unyevu vya kupangusia watoto. Ndoo ya maji ikamwagwa, ikapita.

Hapa ndipo kazi nyingi huishia, na ndiyo sababu choo kinarudi kuziba. Waya uliingizwa mara ya pili, choo kikiwa tayari kinapita. Mahali palepale ukagonga kitu kigumu, kisha ukateleza. Utepe wa gundi ulifungwa kwenye fimbo ya mkono kuweka alama ya kina hicho. Waya ukavutwa, ukaingizwa tena, ukagonga kwenye alama ileile. Karatasi haikai mahali pamoja namna hiyo. Kuna kitu kimekwama shingoni, maji yanakipita, karatasi inanasa.

Waya haukuweza kukitoa. Huo ndio mpaka wake: unashika vitu laini, vitambaa na nyuzi, na unavunja mabonge, lakini kitu kirefu na kigumu kilicholala kwenye kona unakipita tu. Kuendelea kukisukuma ni hatari, kwa sababu kinaweza kuingia bombani na kukwama mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

Jumanne, jioni. Sinki limetolewa

Maji yalifungwa kwenye koki, tangi likaflashiwa, yaliyobaki yakakaushwa kwa sponji. Skrubu mbili za sakafuni zikafunguliwa na sinki likavutwa mbele, taratibu, likatoka kwenye mpira wa kuunganishia na bomba la ukutani. Bahati nzuri lilifungwa kwa skrubu. Masinki mengi hapa mjini yamezikwa kwenye simenti, na kuyatoa bila kuyavunja ni kazi ya patasi na uvumilivu. Bomba la ukutani lilizibwa kwa tambara lililofungwa kamba, ili hewa ya karo isiingie ndani na tambara lenyewe lisitumbukie.

Sinki liligeuzwa chini juu kwenye gunia. Kwa tochi na kioo kidogo kupitia tundu la nyuma, kitu kilionekana: mswaki wa mtoto, umelala kwa mshazari kwenye kona ya juu ya shingo, kichwa kimebana upande mmoja na mkia upande mwingine. Nywele zake zilikuwa zimefungwa nyuzi za karatasi ngumu. Ulitolewa kwa koleo ya mdomo mrefu kutokea nyuma. Kwa upande wa mbele usingetoka, maana kona inaufunga zaidi unapouvuta.

Kabla ya kurudisha sinki, shingo nzima ilipimwa kwa tambara lililosokotwa kuwa tufe la karibu sentimita tano na kufungwa kamba. Lilipita kutoka mbele hadi nyuma bila kukwaruza popote, kwa hiyo hakuna kitu cha pili wala gamba la chumvi lililojenga ndani. Sinki likarudishwa na mpira mpya. Wa zamani ulikuwa umekauka, na mpira mkavu unavujisha hewa hata kama hauvujishi maji. Chini ya sinki umewekwa mstari mwembamba wa silikoni, nyuma pakiachwa wazi sentimita chache ili siku likivuja lionekane.

Jumatano. Mteremko wa bomba

Baada ya shingo kuwa safi, ndoo tatu za lita 10 zilimwagwa kwa kufuatana. Zote ziliondoka sinkini bila kupanda. Chembani lakini, vipande vya karatasi vilivyowekwa kwenye ndoo ya kwanza havikutokea mpaka ya tatu. Maji yanafika, mzigo unabaki njiani. Hiyo ni dalili ya bomba, na inakubaliana na zile siku za kujaa mara ya tatu.

Mteremko ambao mafundi wengi wanaushika kwa bomba la inchi nne ni 1 kwa 40, yaani linashuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Mpaka 1 kwa 60, yaani karibu sentimita 1.7 kwa mita, choo kimoja cha tangi zima bado kinafanya kazi vizuri bomba likiwa limenyooka. Ila watu wengi wanapima mwanzo na mwisho tu. Hapa mwanzo na mwisho vilitofautiana sentimita 11 kwa mita 5.6, ambayo ni karibu 1 kwa 50. Kwa hesabu hiyo bomba halina kosa, na fundi aliyepima hivyo angeondoka.

Kwa hiyo njia ilichimbwa kwa vishimo vidogo kila mita, mpaka mgongo wa bomba ukaonekana, na usawa ukapimwa kwa hosipaipu nyembamba ya kuonyesha maji. Ncha moja inafungwa kwenye kijiti penye kishimo cha kwanza, nyingine inapelekwa kwenye kila kishimo, na usawa wa maji ndani ya hosipaipu ndio mstari wa kupimia kushuka mpaka mgongo wa bomba. Hakikisha hakuna povu la hewa ndani ya hosipaipu, kwani povu moja linaharibu vipimo vyote. Hosipaipu ni bora kuliko pimamaji fupi ya kuweka juu ya bomba, ambayo inasoma kipande kidogo tu na inadanganywa na kila soketi.

Vipimo vya kushuka kutoka mwanzo wa bomba vilikuwa hivi: mita 1, sentimita 2.0; mita 2, sentimita 4.2; mita 3, sentimita 9.8; mita 4, sentimita 7.6; mita 5, sentimita 9.2; chemba, sentimita 11.

Tazama mita ya tatu na ya nne. Bomba linazama mpaka 9.8, kisha linapanda kurudi 7.6. Kwa mita nzima maji yanatakiwa kupanda mlima wa sentimita 2.2. Hapo maji yanasimama wakati wote, kwa kina cha sentimita 2.2 mahali pa chini zaidi, kuanzia mita ya pili na nusu hivi mpaka ya nne. Mzigo unaotoka chooni unafika kwenye dimbwi hilo, unapoteza mwendo, karatasi inatua. Ukiflashi tena, nyingine inatua juu yake.

Sababu ilionekana juu ya ardhi kabla haijaonekana chini. Bomba la mfereji wa bati linamwaga maji ya mvua mahali palepale, na udongo wa Kigamboni ni mchanga, unahama na maji. Chini ya mita ya tatu palikuwa na uwazi unaoingia kiganja, na bomba lilikuwa limekalia soketi yake tu, likabonyea.

Alhamisi. Kurekebisha bomba

Si lazima kung'oa mita zote 5.6. Kutoka mita 2 kwenye 4.2 mpaka mita 4 kwenye 7.6 kuna tofauti ya sentimita 3.4 kwa mita mbili, karibu 1 kwa 59. Kwa hiyo ncha hizo mbili ziko sawa, na kilichotakiwa ni katikati kunyanyuliwa hadi 5.9. Kipande cha katikati kilikatwa na kuwekwa kipya, kwa sababu soketi ya zamani ilikuwa na ukingo wa ndani ambao haukupigwa msasa baada ya kukatwa. Ukingo wa namna hiyo, hata wa milimita mbili, unanasa nyuzi za karatasi na vitambaa.

Chini ya kipande kipya mchanga mkavu uliwekwa unene wa sentimita 10 na kushindiliwa kwa tabaka mbili. Kila mahali penye soketi pamechimbwa kishimo kidogo, ili bomba likalie mwili wake wote na si soketi pekee. Ncha zilipigwa msasa ndani na nje, gundi ikapakwa pande zote mbili, ukiingiza unazungusha robo mzunguko na kushikilia mpaka lishike. Penye soketi ya juu imewekwa tii yenye kifuniko cha skrubu kinachotazama juu, ifikike siku ya kuzibua.

Vipimo vilirudiwa kabla ya kufukia: mita 3 sasa inasoma 5.9. Bomba likajazwa maji, chemba ikiwa imezibwa kwa mfuko wa mchanga, likaachwa nusu saa ili viungo vikaguliwe. Hakuna kilichovuja. Pembeni na juu ya bomba mchanga umewekwa kwa mkono, bila mawe, mpaka sentimita 10 juu ya mgongo, ndipo udongo wa kawaida ukafuata. Bomba la mfereji wa bati limeongezwa mita mbili ili limwage mbali na njia hiyo.

Alhamisi, jioni. Tangi na karatasi

Limebaki suala la maji yanayosukuma. Tangi limeandikwa lita 9. Koki ilifungwa, tangi likaflashiwa, kisha likajazwa kwa chupa za lita moja mpaka kwenye mstari ambao lilikuwa linasimama kila siku. Zilitosha chupa sita. Ndani palikuwa na chupa mbili za maji zilizowekwa kubana matumizi, na boya limeshushwa. Kusudi la kubana maji ni jema mahali ambapo maji ya kisima yanapandishwa kwa umeme, lakini sinki lililotengenezwa kwa lita 9 halina njia ya kuchota mzigo kwa lita 6, na mtu anaishia kuflashi mara mbili. Chupa zimetolewa, boya limepandishwa.

Matundu ya chini ya ukingo wa sinki yalitazamwa kwa kioo. Manne kati yake yalikuwa yamezibwa na chumvi nyeupe. Yamefunguliwa kwa waya mwembamba na siki iliyoachwa usiku.

Kuhusu karatasi, jaribio ni rahisi na linafaa lifanyike mbele ya wanaotumia choo. Chupa tatu za plastiki zenye mdomo mpana, kila moja na nusu lita ya maji. Ya kwanza iliwekwa vipande vinne vya karatasi ya choo, ya pili karatasi ya mezani ya kufutia mikono, ya tatu kitambaa cha unyevu cha mtoto. Kila chupa ikatikiswa kwa nguvu nusu dakika. Karatasi ya choo iligeuka uji wa nyuzi. Ya mezani ilibaki vipande vikubwa, maana imetengenezwa isichanike ikilowa. Kitambaa kilibaki kizima kabisa, na kingebaki hivyo mpaka kwenye karo, hata kama pakiti yake inasema kinaweza kuflashiwa.

Wenye nyumba wengi wanachamba kwa maji, wageni ndio wanaotumia karatasi kwa wingi. Uamuzi uliokubaliwa ni huu: karatasi ya kujikaushia baada ya maji inakwenda kwenye ndoo yenye kifuniko. Anayetumia karatasi peke yake aflashi katikati, si mwisho tu, na asizidishe vipande vinane kwa mara moja. Vitambaa vya unyevu na karatasi za mezani haviingii sinkini kabisa. Kikombe cha miswaki kimehamishwa kutoka juu ya tangi, ambako mtoto anakifikia na kinaangukia sinkini.

Ijumaa. Jaribio la mwisho

Vipande sita vya karatasi ya choo viliwekwa na kuflashiwa kwa tangi lililojaa, kisha tena baada ya tangi kujaa, mara tatu. Kila mara karatasi yote ilionekana chembani katika flashi ileile, na maji hayakupanda zaidi ya kawaida yake sinkini. Baada ya flashi ya tatu kifuniko cha tii kilifunguliwa na tochi ikamulikwa ndani ya bomba: pamelowa, hapana maji yaliyosimama.

Kilichobaki ni kufungua tii hiyo na kupima tena mita ya tatu baada ya mvua za masika. Mchanga mpya unaweza kushuka kidogo msimu wa kwanza, na ikisoma zaidi ya sentimita 7, njia ifunguliwe kipande hicho na mchanga ushindiliwe upya kabla karatasi haijaanza kutua.